Mshumaa wa Wastani

Tangu asubuhi Sindano alikuwa akitazama kisogo cha mjomba wake, na tangu asubuhi alikuwa akimeza neno lile lile. Lilipanda hadi kooni, likashuka. Chai yake ilipoa ikafanya utando juu, naye hakuiona.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba: meza sita, skrini nyingi kuliko watu, na feni mbili, moja ikizunguka na nyingine ikitegea kazi. Hapo ndipo kampuni ilipofanya biashara ya bei za mazao. Walinunua mikataba ya ngano, mahindi na soya bei ikiwa chini, wakaiuza ikipanda, bila hata mmoja wao kuwahi kushika punje ya soya mkononi. Fedha zilikuwa za watu. Zile za soya zilikuwa za chama cha wauguzi wastaafu, wanawake waliomaliza ujana wao wakifunga vidonda vya wengine, na mama yake Sindano alikuwa mmoja wao.

Soya ilikuwa mikononi mwa Mjomba. Wengine mle chumbani walimwita Mzee Tulia. Sindano alikuwa mlinzi wa hatari, maana yake kila asubuhi alilinganisha kila biashara na sheria yake, na sheria ikivunjwa alitakiwa apige kelele. Jina la Sindano alilipewa na Mjomba mwenyewe, siku alipoletwa kulelewa kwake baada ya msiba wa baba yake, mtoto mwembamba mwenye maswali ya kuchoma. Mjomba ndiye aliyemlipia shule, na Mjomba ndiye aliyemfundisha kusoma bei. Sasa mtoto wa kulelewa alikuwa na kazi ya kumchunga mlezi. Dunia ina mizaha yake.

Sheria ya soya ilikuwa imebandikwa pembeni ya skrini, kwa mwandiko wa Mjomba ulioinamia kulia: *Siku ikifunga chini ya 1230, tunatoka. Hakuna mjadala.*

Jana soya ilifunga siku kwa bei ya 1218.

Sindano alijua. Mjomba hakujua. Na kama unajiuliza inawezekanaje watu wawili walitazame soko moja, mmoja aone moshi na mwingine aone ukungu, basi tuanze na moyo.

Miezi michache nyuma Mjomba alianguka hapo hapo mezani, bei ya ngano ikiporomoka mbele ya macho yake. Hospitali walimrudishia uhai. Lakini daktari aliwaita pembeni Sindano na mama yake, akawaambia kwamba valvu moja ya moyo imechoka, kwamba dawa zinaushikilia tu, kwamba bila upasuaji mwaka hautaisha vizuri. Mama, ambaye ni dada wa Mjomba na aliyeona wagonjwa wengi wakifa kwa hofu ya kisu kabla ya kisu chenyewe, alimshika Sindano mkono kwenye korido. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Apate nguvu kwanza, ndipo tumwambie." Wakaingia wodini wakitabasamu, wakamwambia daktari kasema anaendelea vizuri. Nguvu alizipata. Wa kumwambia hakupatikana.

Alipotaka kurudi kazini, Sindano ndiye aliyemtengenezea skrini. Aliondoa mishumaa ya kawaida, michoro ya siku moja moja yenye mwili wa kijani au mwekundu na utambi juu na chini, ile inayoonyesha bei ilipofungua siku, ilipopanda, ilipoanguka na ilipofunga, kila kitu na makelele yake. Mahali pake akaweka Heikin-Ashi, mishumaa ya wastani. Mshumaa huu hauulizi siku ilifunga wapi. Unachukua bei nne za siku, ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga, unazijumlisha, unagawa kwa nne, na hilo jibu ndilo unaloliita kufunga. Pa kuanzia pia haupaulizi sokoni. Unaanzia katikati ya mwili wa mshumaa uliotangulia. Kwa hiyo kila mshumaa unamwegemea mwenzake. Bei ikiruka na kuacha shimo, shimo halionekani. Mitikisiko inalainika, rangi zinatiririka, kijani ya kupanda kwa muda mrefu kisha nyekundu ya kushuka kwa muda mrefu, na mtu anaona mwelekeo bila kuona vurugu.

Kwenye skrini ya pili akaweka Renko, chati ya matofali. Hiyo ina uvivu wa makusudi. Yeye aliipa kipimo cha ishirini na tano: bei isipotembea ishirini na tano kamili, haichori kitu. Bei ikizunguka hapo hapo wiki tatu, haichori kitu. Na ili tofali la kijani lifuatwe na jekundu, lazima bei ishuke chini ya kitako cha tofali la mwisho kwa tofali zima jingine. Muda haumo kabisa. Tofali lililojengwa saa moja na lililojengwa mwezi mzima yamesimama bega kwa bega, na huwezi kuyatofautisha.

Kisha akauondoa mstari wa bei ya sasa. Akafunga dirisha la faida na hasara. Akaiamuru chati ya kwanza ichore mshumaa siku ikishafungwa tu, usiwe unarukaruka mchana. Alifanya hayo yote kwa mapenzi, na alijua vizuri kila kimoja kinaficha nini. Aliyachukulia kama dawa ya muda.

Mjomba aliipenda hiyo dawa kupita kiasi. Alikoma kutoka jasho. Akaanza kuhubiri. Mtu akilalamika bei inayumba, yeye husema, "Tulia, hayo ni makelele," na jina likamganda. Mkurugenzi alipoona ametulia hivyo, akamrudishia soya. Hakuna aliyekumbuka kuirudisha skrini kama ilivyokuwa. Nasema hakuna, lakini mwenye wajibu wa kukumbuka alikuwa mmoja tu, na tayari unamjua.

Saa saba na ushei, mlango ulifunguka, Mkurugenzi akaingia na simu sikioni. Aliishusha.

"Mzee, ripoti ya mavuno inatoka saa nane. Soya jana imefunga wapi?"

"Thelathini na nne," alijibu Mjomba bila kugeuka. Mle ndani elfu na mia mbili hazikutajwa. Kila mtu alizijua. "Iko juu ya mstari. Imepumzika tu."

Mkurugenzi alimtazama Sindano. "Mlinzi?"

Hapo ndipo kelele ilipotakiwa. Lakini Sindano aliijua sheria nyingine ya ofisi ile, isiyobandikwa popote: mfanyabiashara anayekutwa amevunja sheria yake mwenyewe anaondolewa mezani, harudi. Mjomba hakuwa na mke, watoto wake walikuwa mbali, na meza ile ndiyo iliyomfanya avae shati safi kila asubuhi.

"Naangalia, bosi," alisema.

"Angalia upesi. Nataka jibu kabla ya ripoti." Mlango ukafungwa.

Sindano alitoka hadi kwenye ngazi, harufu ya rangi ikimkaba, akampigia mama yake. Alimweleza kwa maneno machache: biashara ya wauguzi imepita mstari, Mjomba hajui, na akiambiwa ghafla...

"Usimwambie," Mama alidakia.

"Mama, ni fedha zenu. Ripoti ikiwa mbaya, hakuna wa kuzirudisha."

"Fedha hutafutwa. Kaka hatafutwi." "Mwanangu, wewe hukuwepo alipoletwa hospitali. Mimi nilimwona midomo imekuwa ya buluu."

Sindano alirudi akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Aliogopa, wala hakuna haja ya kulipamba neno hilo. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza, na saa ya ukutani haikuwa na huruma na yeyote. Akapiga moyo konde, akavuta kiti, akakaa ubavuni kwa mjomba wake.

"Shikamoo tena," alisema Mjomba kwa utani. "Leo umenikalia kama polisi wa barabarani."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Sindano, nao wakacheka kidogo, kwa sababu huo ulikuwa mzaha wao wa siku nyingi. Kisha akaweka kidole kwenye skrini. "Mjomba, huu mshumaa wa jana. Huu utambi wa chini umetoka wapi?"

"Si umeona ni wa kijani?"

"Kijani ni. Lakini ulinifundisha mwenyewe, mshumaa wa wastani ulio na nguvu ya kupanda hauna utambi chini. Huu una utambi juu, una utambi mrefu chini hadi 1214, na mwili mdogo kama punje."

"Umepumzika. Mtu akipanda mlima hapumziki?" Akageukia skrini ya pili. "Tazama matofali. Tofali la mwisho, 1225 hadi 1250. Kijani. Limekaa."

"Limekaa tangu lini?"

Mjomba alitafuta tarehe kwenye skrini. Matofali hayana tarehe. "Tangu... si juzi juzi."

"Wiki ya tatu sasa. Na jekundu halitokei mpaka bei ifike 1200. Kati ya hapo na 1275 bei inaweza kucheza ngoma yote, tofali halisemi kitu."

Mjomba alivua miwani. Sauti yake ilishuka, na Sindano alijua kwamba sauti hiyo ikishuka ndipo hasira inapopanda. "Wewe mtoto. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukajua mshumaa ni nini. Leo unanitahini? Sheria inasema kufunga chini ya thelathini. Imefunga thelathini na nne. Unataka nini?"

Neno likapanda tena hadi kooni. Lingetoka, lingetoka vibaya: umekosea, mzee, unatazama bei ambayo haipo. Sindano akaona mfuko wa shati la Mjomba, umbo la kichupa cha vidonge likionekana kwenye kitambaa. Akalimeza, akatafuta njia nyingine.

"Nataka uuze mkataba mmoja," alisema. "Mmoja tu. Kwa hiyo hiyo 1234."

"Ili iweje?"

"Ili ninyamaze. Kama bei iko hapo, oda itachukuliwa kabla hujaondoa kidole. Hasara gani, mkataba mmoja?"

"Na ukishanyamaza, utanyamaza mpaka jioni?"

"Mpaka kesho."

"Hiyo ni biashara nzuri kuliko soya," alisema Mjomba, akavaa miwani, akaandika oda: uza, mmoja, 1234. Akabonyeza kwa mbwembwe kama mpiga kinanda.

Oda ikakaa.

Walingoja. Mjomba aligonga meza kwa kucha. "Mtandao," alisema. Oda ilikuwa bado imekaa. Bei halisi ingekuwa 1234, au hata karibu, wanunuzi wangeidaka kama kuku na mchele. Sindano akajikuta anahesabu pumzi za mjomba wake badala ya zake.

Kutoka meza ya oda, Kibonge, ambaye hakuwahi kuwa na siri maishani, alipaza sauti: "Jamani, nani kaweka soya mbinguni? Thelathini na nne! Soko liko kumi na sita huku! Mwenye oda ateremke, atavunjika shingo!"

Mmoja akacheka, kisha akaona uso wa Mjomba, akakohoa.

Mjomba alitazama oda yake, akautazama mshumaa wake wa kijani, akaitazama karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe. Jasho lilitokea juu ya mdomo, jasho ambalo Sindano hakuwa ameliona tangu hospitali. Mkono wa kushoto ukapanda ukaugusa mfuko wa shati.

"Niwekee mishumaa ya kawaida," alisema.

"Mjomba, kunywa maji kwan..."

"Sindano. Niwekee ya kawaida."

Alibonyeza. Chati ikapepesa, na kijani chote laini kikavunjika vipande: mashimo, mikia, siku za kupanda zilizofuatwa na siku za kuanguka. Na pembeni kabisa, mahali palipokuwa na punje ya kijani, ukasimama mshumaa wa jana kama ulivyokuwa, mwekundu, mrefu, wa kutisha.

Mjomba aliusoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi. "Umefungua 1250. Ukapanda hadi 1254. Ukaanguka 1214. Umefunga 1218." Akafumba macho, midomo ikicheza, alikuwa anajumlisha. "Gawa kwa nne. 1234." Akafumbua macho. "Kumbe hii siku ilikufa, mimi nikapewa wastani wa uhai wake."

Sindano alikuwa ameinuka nusu, mikono mbele, tayari kumdaka. Alingoja aanguke. Mjomba hakuanguka. Alivuta pumzi, akaitoa, na mgongo wake ukanyooka kwa namna ambayo Sindano aliikumbuka kutoka zamani, enzi ambazo chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza.

"Kibonge!"

"Naam, mzee!"

"Futa oda yangu ya mbinguni. Halafu uza soya yote. Bei ya soko, yoyote utakayoikuta."

"Yote, mzee? Ripoti hii hapa inakuja. Huenda ikapan..."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani. Uza!"

Kibonge aliuza. Zikatoka 1215, nyingine 1214, za mwisho 1213. Ilikuwa hasara, na Mjomba alifungua dirisha lililofichwa akaitazama hasara hiyo bila kupepesa. Kisha akainua simu ya mezani, akampigia Mkurugenzi, na Sindano akamsikia akisema mwenyewe, kwa maneno manyoofu, kwamba sheria ilivunjwa jana, kwamba aliyeivunja ni yeye, na kwamba tayari wametoka. Alisikiliza jibu kwa muda. "Sawa," alisema. "Jioni nitakuja tuzungumze." Akaweka simu.

Saa nane ikagonga wakiwa wamekaa hivyo, bega kwa bega.

Bei haikushuka. Kushuka ni kupita njiani. Hii ilikuwa 1213, kisha ikawa 1171, na katikati yake hapakuwa na mtu aliyenunua wala kuuza. Chumba kililipuka, wengine walipiga kelele, Kibonge alishika kichwa ingawa soya haikuwa yake. Kwenye skrini ya pili, chati ya matofali ilizinduka usingizini na kuchora matofali mawili mekundu kwa mpigo, moja hadi 1200, la pili hadi 1175, yamepangwa vizuri kama ngazi, kana kwamba mtu angeweza kusimama juu ya mojawapo na kutoka.

"Tazama uongo huo ulivyopangika," alisema Mjomba. "Ningekuwa humo, ningesema nitatoka kwenye tofali la kwanza."

Sindano hakuwa anatazama soko. Alitazama kifua cha shati, kinavyopanda na kushuka. Machozi yalimtoka bila ruhusa, akayafuta kwa kiganja.

"Nani aliniwekea hizi chati?" Mjomba aliuliza.

"Mimi."

"Ukijua zinaficha nini."

"Nikijua. Kwa ajili ya moyo wako, Mjomba. Nilidhani ukiona mitikisiko yote..."

"Chati hazina kosa," alisema polepole. "Zinakupa mwelekeo, na ukitaka mwelekeo tu ni kitu kizuri. Kosa ni kuuliza wastani swali la siku moja." Aliweka kiganja kifuani, akakiacha hapo, akisikiliza. "Moyo wangu umeona mshumaa wa jana. Umeona na huu wa leo. Na bado unapiga."

"Alhamdu... ndiyo," alisema Sindano, na akacheka huku analia.

Lakini Mjomba hakucheka. Alikuwa amekigeuza kiti chote, amemwelekea, na macho yake yalikuwa yale ya kusoma bei.

"Sindano. Mama yako aliniambia daktari kasema naendelea vizuri. Na wewe uliniambia hivyo hivyo, siku ile ile, kwa maneno yale yale."

Feni ilizunguka. Sindano alihisi neno la asubuhi limekwisha, na kwamba chini yake kulikuwa na jingine, la zamani zaidi, ambalo ndilo lililokuwa likimkaba siku zote.

"Hiyo 'vizuri'," aliuliza Mjomba, "ni alivyofunga daktari, au mmenipa wastani?"

Angeweza kucheka. Angeweza kusema aulizwe Mama. Mkono wa Mjomba ulikuwa bado kifuani, kiganja kimefunguka, kama mtu anayezuia mlango au anayeufungua.

"Wastani, Mjomba," alisema.

Mjomba alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu. Akatoa kichupa cha vidonge mfukoni, akakiweka mezani kati yao, akavaa miwani yake.

"Basi nipe ya kawaida," alisema. "Anza na ya chini kabisa."

Na Sindano akaanza na valvu.